Namna ya Kuandika Barua ya Kumtaarifu Mfadhili: Fedha Zilivyotumika, Kilichopatikana na Kilichobaki

Kikundi kilichopewa fedha za kuweka matangi ya maji ya mvua shuleni kina mambo mawili ya kumthibitishia mfadhili. La kwanza ni kwamba kiasi kilichoingia, kiasi kilichotumika na bakaa vinakubaliana hadi shilingi ya mwisho. La pili ni kwamba kilichopatikana kimepimwa kwa ahadi iliyoandikwa kwenye mkataba, wala si kwa picha za siku ya uzinduzi. Barua nyingi zinazorudishwa na wafadhili hurudishwa kwa sababu moja kati ya hizi mbili, hata pale ambapo kazi yenyewe imefanyika vizuri.

Nitafuata barua moja tangu mwanzo hadi mwisho. Chukulia kikundi cha kijamii katika wilaya ya Chamwino, mkoani Dodoma, kilichoahidiwa yuro 6,000 na mfadhili wa Ulaya ili kiweke matangi matatu ya plastiki, kila moja la lita 10,000, katika shule ya msingi yenye wanafunzi 412. Bajeti iliandikwa kwa kiwango cha shilingi 2,600 kwa yuro moja, hivyo jumla yake ikawa shilingi 15,600,000. Kazi ilianza Septemba, kabla ya mvua, na taarifa inafungwa tarehe 31 Julai. Kikundi na hesabu zake nimevitunga kwa ajili ya kufundishia, lakini kila tatizo lililomo nimelikuta katika vitabu vya vikundi nilivyowahi kuvitunzia hesabu.

Hatua ya kwanza: anza na taarifa ya benki, usianze na maneno

Kabla hujaandika sentensi yoyote, chukua taarifa ya benki ya kipindi chote cha mradi na utafute siku fedha zilipoingia. Katika mfano wetu mfadhili alituma yuro 6,000 kamili, lakini benki ya kati iliyopitisha fedha ilikata yuro 25, zikafika yuro 5,975. Benki ya kikundi ilizibadilisha kwa shilingi 2,640, na kilichoingia kwenye akaunti kikawa shilingi 15,774,000. Kiasi hicho ndicho mapato halisi ya mradi. Yuro 6,000 za kwenye mkataba na shilingi 15,600,000 za kwenye bajeti zitatajwa kwenye barua, lakini hesabu yote itasimama juu ya 15,774,000.

Omba benki ikupatie karatasi ya ubadilishaji wa siku hiyo inayoonyesha kiwango kilichotumika, na uiweke kwenye jalada. Karatasi hiyo ni ndogo na hupotea upesi, na bila hiyo huwezi kueleza kwa uhakika shilingi zako zinarudi vipi kuwa yuro.

Kisha orodhesha malipo yote kwa kufuata hati za malipo, kila hati ikiwa na namba yake na risiti nyuma yake. Risiti za EFD, yaani mashine ya kielektroniki ya kutolea risiti za kodi, zinachapwa kwenye karatasi ya joto, na maandishi yake hufifia kwa miezi michache, hasa zikikaa sehemu yenye jua. Kwa hiyo zitolewe nakala siku ileile ya manunuzi na nakala hiyo ibanwe pamoja na risiti yenyewe. Fundi wa kijijini asiye na mashine hiyo alipwe kwa hati inayoonyesha jina lake, namba yake ya simu, kazi aliyofanya, siku alizofanya na sahihi yake, na ni vyema mtendaji wa kijiji au mwalimu mkuu ashuhudie. Hati hizi kwa kawaida haziambatishwi kwenye barua, ila mkataba ukidai. Namba zake ndizo zinazoingia kwenye orodha, ili mkaguzi akija akute kila namba ina karatasi.

Hatua ya pili: pata bakaa kwa njia mbili

Malipo yote ya mradi wetu yalifika shilingi 15,696,000. Ukitoa kiasi hicho kwenye mapato ya 15,774,000 unapata bakaa ya shilingi 78,000. Hiyo ni njia ya kwanza, inayotoka kwenye daftari. Njia ya pili ni kuangalia benki inasema nini, na hapa benki inaonyesha salio la shilingi 228,000 tarehe 31 Julai.

Mhazini asiyezoea hushtuka hapa, na wengine hutafuta matumizi ya kubandika ili namba zilingane. Usifanye hivyo. Tafuta hundi zilizoandikwa lakini hazijafika benki. Katika mfano huu, tarehe 29 Julai iliandikwa hundi ya shilingi 150,000 kwa fundi aliyerekebisha gata, yaani mifereji ya paa, baada ya msimu wa mvua, na fundi huyo bado hajaipeleka benki. Ukitoa 150,000 kwenye 228,000 unabaki na 78,000, na namba mbili zinakutana. Andika ulinganisho huo mistari mitatu tu na uuambatishe pamoja na taarifa ya benki, kwa sababu mhasibu wa mfadhili ataifungua kwanza taarifa hiyo, na akikuta 228,000 bila maelezo ataandika swali.

Namba hizi zisipokutana kabisa, barua isitumwe. Rudi kwenye hati moja moja. Mara nyingi utakuta makato ya benki ambayo hayakuandikwa daftarini, au malipo yaliyoandikwa mara mbili.

Hatua ya tatu: linganisha bajeti na matumizi, na ueleze tofauti

Jedwali la kifedha liwe fupi, na vifungu vyake vifuate majina na mpangilio uleule wa bajeti iliyoidhinishwa. Kubadilisha jina la kifungu humfanya msomaji adhani kimeongezwa kipya.

| Kifungu | Bajeti (Sh) | Matumizi (Sh) | Tofauti (Sh) |
|---|---|---|---|
| Matangi matatu | 6,900,000 | 7,050,000 | +150,000 |
| Misingi ya matangi | 3,300,000 | 3,840,000 | +540,000 |
| Gata, mabomba na koki | 2,700,000 | 2,655,000 | −45,000 |
| Usafirishaji | 1,200,000 | 1,050,000 | −150,000 |
| Mafunzo ya kamati ya maji | 900,000 | 480,000 | −420,000 |
| Ufuatiliaji | 600,000 | 585,000 | −15,000 |
| Makato ya benki | 0 | 36,000 | +36,000 |
| Jumla | 15,600,000 | 15,696,000 | +96,000 |

Jedwali hili linaonyesha kwamba kikundi kilizidisha bajeti kwa shilingi 96,000, na bado kina bakaa ya 78,000. Kwa msomaji wa mbali jambo hilo ni fumbo, na barua inapaswa kulifumbua kwa sentensi moja: kiwango cha benki kilikuwa bora kuliko kile cha bajeti, kikaleta nyongeza ya shilingi 174,000 baada ya makato ya benki ya kati, 96,000 kati yake zimefidia ziada ya matumizi, na 78,000 zimebaki.

Si kila tofauti inahitaji aya. Shilingi 15,000 zilizosalia kwenye ufuatiliaji hazihitaji hata neno. Mikataba mingi ya ruzuku hutaja kikomo, mara nyingi asilimia 10 ya kifungu, ambacho mpokeaji anaweza kuhamisha bila ruhusa. Soma wako uone unasemaje. Kifungu cha misingi kilivuka kwa zaidi ya asilimia 16, na hicho ndicho kinachohitaji maelezo kamili: mahali palipochaguliwa palikuwa na udongo mweusi wa mbuga, ambao huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, kwa hiyo ililazimu kuchimba zaidi, kuondoa udongo huo na kujaza mawe na kifusi kabla ya kumwaga zege. Tangi la lita 10,000 likijaa linabeba tani 10 za maji, na msingi ukilala upande mmoja tangi hupasuka au bomba hung'oka. Mfadhili akielezwa hivyo anaelewa fedha ilikwenda wapi na kwa nini.

Lakini maelezo peke yake hayatoshi mahali ambapo mkataba ulidai kibali. Barua itaje tarehe ya barua pepe iliyoomba ruhusa na tarehe ya jibu, na nakala ziambatishwe. Kama kibali hakikuombwa, sema waziwazi kwamba hakikuombwa, ueleze uamuzi ulifanywa na nani, na uombe mfadhili aukubali sasa. Nimeona mfadhili akikubali ombi la namna hiyo lililochelewa. Nimeona pia kikundi kikitakiwa kurejesha fedha kwa sababu kilificha tofauti ndani ya kifungu kingine, ikagunduliwa kwenye risiti.

Kwenye mafunzo pia pasemwe ukweli. Shilingi 420,000 hazikuokolewa kwa ubanaji wa matumizi. Mafunzo yaliahidiwa siku mbili, yakafanyika siku moja, na fedha za siku ya pili zilikwenda kwenye misingi. Neno "tumeokoa" lisitumike kwa kazi ambayo haikufanyika.

Hatua ya nne: rudisha shilingi kuwa yuro kwa kiwango sahihi

Mfadhili anafunga hesabu zake kwa yuro, hivyo jedwali litahitaji safu ya yuro. Kiwango cha kutumia ni kile ambacho benki ilitumia siku fedha zilipoingia, yaani 2,640, isipokuwa kama mkataba umeagiza kingine. Matumizi ya 15,696,000 yanakuwa yuro 5,945.45, na bakaa ya 78,000 inakuwa yuro 29.55. Ukijumlisha unapata 5,975, na ukiongeza yuro 25 za benki ya kati unarudi kwenye 6,000 kamili. Hesabu imefunga.

Sasa tazama kinachotokea mhazini akichukua kiwango cha siku anayoandika barua, tuseme 2,700. Matumizi yaleyale yanaonekana kuwa yuro 5,813.33, na msomaji anayetoa kwenye 6,000 anatarajia bakaa ya yuro 186.67. Lakini shilingi 78,000 kwa kiwango hicho ni yuro 28.89 tu. Hata ukitoa yuro 25 za makato, zaidi ya yuro 130 hazionekani zilipo, ilhali hakuna aliyechukua hata senti. Niliwahi kufanya kosa hili mwenyewe katika mwaka wangu wa kwanza wa kazi, na ilituchukua wiki kadhaa za barua pepe kumtoa mfadhili wasiwasi ambao tuliupanda wenyewe.

Fedha zikija kwa awamu mbili zenye viwango viwili tofauti, ama utumie wastani uliopimwa kwa ukubwa wa kila awamu, ama umalize awamu ya kwanza kwa kiwango chake kabla ya kuanza ya pili. Chagua njia moja, itaje kwenye barua, na usiibadilishe katikati.

Hatua ya tano: pima matokeo kwa ahadi ya kwanza

Toa andiko la mradi na unakili sentensi ya ahadi neno kwa neno. Kikundi chetu kiliahidi kwamba "wanafunzi watapata maji shuleni kipindi chote cha kiangazi". Matangi matatu yaliyojengwa ni kazi iliyofanyika, nayo itajwe kwa ufupi: matangi matatu, lita 30,000 kwa jumla, yamekamilika na yanatumika. Matokeo ni jambo jingine, nayo ni mabadiliko waliyoyapata wanafunzi. Barua nyingi huishia kwenye kazi na kuiita matokeo.

Hapa hesabu ya maji inasema jambo ambalo andiko halikuliona. Wanafunzi 412 wakitumia lita mbili kila mmoja kwa siku, kwa kunywa na kunawa, wanamaliza lita 824 kwa siku. Lita 30,000 zinatosha siku 36 za masomo. Mvua za Dodoma hukoma kwa kawaida Aprili na kurudi Novemba au Desemba, kwa hiyo matangi yaliyojaa mwanzoni mwa Mei yalikauka katikati ya Julai, muda mfupi baada ya likizo. Ahadi ya kiangazi chote haikutimia, na daftari la mwalimu wa zamu linalorekodi kina cha maji kila Jumatatu linaonyesha hivyo.

Ninajua jinsi inavyouma kuiandika sentensi hiyo baada ya mwaka mzima wa kazi. Iandike hata hivyo, kisha uandike kilichopatikana kwa uthabiti uleule:

> "Andiko letu liliahidi maji kwa kipindi chote cha kiangazi. Katika msimu huu wa kwanza wanafunzi 412 walipata maji ya kunywa na kunawa shuleni kwa siku 36 za masomo, kuanzia mwanzo wa Mei hadi katikati ya Julai, na katika siku hizo hawakuagizwa kuja na madumu ya maji kutoka nyumbani. Baada ya hapo utaratibu wa madumu umerejea. Chanzo cha takwimu hizi ni daftari la kina cha maji linalotunzwa na mwalimu wa zamu."

Aya hiyo ina ahadi, kilichofikiwa, kisichofikiwa na chanzo cha takwimu. Usiongeze kwamba mahudhurio yamepanda au ufaulu umeongezeka, ila kama una rejista za kabla na baada, za miezi ileile, na hata hapo useme kwamba yapo mambo mengine yanayoathiri mahudhurio. Ukiambatisha picha, tangi na koki zinatosha. Picha zinazoonyesha nyuso za watoto zisitumwe bila ridhaa ya wazazi wao.

Hatua ya sita: andika changamoto ambazo zina chanzo na ukubwa

Changamoto iliyoandikwa "ufinyu wa bajeti" au "uelewa mdogo wa jamii" haimsaidii yeyote, kwa sababu ingefaa kuwekwa kwenye taarifa yoyote. Kila changamoto iseme mambo manne kwa mfuatano: kilichotokea, kilivyogusa ahadi, mlichofanya, na kinachobaki wazi. Mbili au tatu zinatosha.

Kwa mradi wetu iliyo kubwa ni ujazo wa matangi. Watu wa Dodoma wangeelekeza kidole kwa mvua, na mfadhili angeamini upesi, lakini si kweli. Paa la meta za mraba 150, kwa mvua ya milimita 550 kwa mwaka, na ukikadiria kwamba sehemu ya tano inapotea njiani, linaweza kuvuna takriban lita 66,000, zaidi ya mara mbili ya ujazo uliopo. Maji yalimwagika Februari na Machi kwa sababu hapakuwa na pa kuyaweka. Kosa lilikuwa kwenye andiko, ambalo liliahidi bila kugawanya lita kwa idadi ya wanafunzi.

> "Ukomo wa mradi huu ni ujazo wa matangi na si upungufu wa mvua, hesabu hii tungepaswa kuifanya wakati wa kuandaa andiko. Kamati ya maji ya shule imeamua kwamba kuanzia msimu ujao maji ya matangi yatumike kwa kunywa pekee, nusu lita kwa mwanafunzi kwa siku, kiasi ambacho kitafanya lita 30,000 zitoshe siku 145 za masomo. Uamuzi huu una gharama yake: maji ya kunawa mikono baada ya kutoka chooni yatalazimika kuendelea kutoka nyumbani, na suala hilo bado halijapata ufumbuzi."

Ya pili ni siku ya mafunzo iliyofutwa. Somo lililokosekana ni la kusafisha gata na kumwaga maji ya mvua ya kwanza, ambayo huosha vumbi na kinyesi cha ndege kutoka paani. Kwa kuwa kamati haikufundishwa, gata ziliziba majani na moja ikalegea, ndipo ikaja hundi ile ya matengenezo ya 150,000. Uhusiano huo wa fedha iliyohamishwa na hasara iliyofuata uandikwe, kwa kuwa ofisa wa mfadhili atauona mwenyewe akisoma jedwali na orodha ya malipo kwa pamoja.

Usiombe fedha mpya ndani ya sehemu hii. Tangi la nne linaweza kuwa wazo zuri, lakini likiingizwa hapa changamoto zote husomeka kama matayarisho ya ombi. Liwe na barua yake, baada ya hii kupokelewa.

Hatua ya saba: panga barua yenyewe

Barua isizidi kurasa mbili, viambatisho vikiwa kando. Juu ziwekwe anwani ya kikundi, kumbukumbu namba, tarehe na anwani ya mfadhili, kisha kichwa chenye jina la mradi, namba ya mkataba na kipindi kinachoripotiwa. Barua zetu za kiofisi huanza kwa "Husika na kichwa cha habari hapo juu", na hakuna ubaya, ila aya hiyohiyo ya kwanza ibebe kiini chote:

> "Husika na kichwa cha habari hapo juu. Kikundi chetu kilipokea shilingi 15,774,000 tarehe 12 Septemba, zikiwa ni yuro 5,975 baada ya makato ya benki ya kati ya yuro 25. Hadi tarehe 31 Julai tumetumia shilingi 15,696,000 na tuna bakaa ya shilingi 78,000. Matangi matatu yamekamilika. Hata hivyo yametoa maji kwa siku 36 za masomo na si kwa kiangazi chote kama tulivyoahidi, kwa sababu tunazozieleza hapa chini."

Baada yake zifuate aya za fedha, matokeo na changamoto, kwa mpangilio huo. Shukrani ziwe sentensi moja au mbili mwishoni, zikiwa za heshima na za kweli. Aya ya mwisho ihusu bakaa: iseme kwamba shilingi 78,000 zipo kwenye akaunti na hazijaguswa, na iombe maelekezo ya maandishi, ama zirejeshwe, ama zitumike kwa jambo mnalopendekeza, kwa mfano nauli ya mwezeshaji kwa siku ya mafunzo iliyobaki. Barua isainiwe na mwenyekiti na mhazini, si katibu aliyeiandika peke yake, kwa sababu ni tamko la fedha.

Kabla ya kutuma, mpe barua mtu asiyehusika na mradi pamoja na kikokotoo, na umwombe ajumlishe kila safu. Mwalimu mkuu naye aisome sehemu ya matokeo, kwani mfadhili akipiga simu shuleni anapaswa kusikia idadi ileile ya siku.

Ukishaituma, ombi la bakaa likae kwenye kumbukumbu za kikundi hadi jibu lifike. Ukimya wa mfadhili usichukuliwe kuwa ruhusa. Baada ya wiki tatu kumbusha kwa barua pepe, na fedha hizo ziendelee kubaki benki.